Mama anasema alinifupisha tumboni

*Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, kifungua mimba wa mama. Nina sentimita 163. Wadogo zangu wawili wa kiume, baba mmoja mama mmoja, wana 171 na 173. Baba ana 171, mama 158. Njaa iliingia mama akiwa na mimba yangu ya miezi mitano, na mavuno yalipatikana nikiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Watu wakinitania kwamba wadogo wamenipita, mama hunyamaza, jioni analia. Anasema kulikuwa na mbegu ya kupandia imefungwa darini, na hakuigusa; lau angeila, ningekuwa mrefu kama wenzangu. Kadi yangu ya kliniki anayo mpaka leo. Nilizaliwa kwa wakati wake, kilo 2.4, urefu sentimita 47. Nilipotimiza miaka miwili nilikuwa na sentimita 80. Mdogo wangu anayenifuata alizaliwa na kilo 3 na sentimita 49, na alipotimiza miaka miwili alikuwa na 86. Mke wangu sasa ni mjamzito. Je, njaa ya tumboni ndiyo iliyonikata kimo? Na mwanangu atarithi?*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama yako hongera zangu kwa kuitunza kadi hiyo miaka 27. Wengi huniandikia kuhusu kimo chao wakiwa hawana hata uzito waliozaliwa nao, nami nabaki kubahatisha. Wewe umeniletea vipimo vya siku mbili zilizo muhimu kuliko zote: siku ya kuzaliwa na siku ya kutimiza miaka miwili. Na mdogo wako amelelewa na wazazi wale wale, kwa hiyo tunaye wa kukulinganisha naye.

Tuanze tumboni. Mtoto hakui urefu na uzito kwa pamoja. Urefu hukimbia zaidi katikati ya mimba, karibu na mwezi wa tano. Ikifika wiki ya 20 ana kiasi cha sentimita 25, yaani nusu ya urefu atakaozaliwa nao. Uzito hukimbia baadaye, miezi miwili mitatu ya mwisho, wakati mafuta yanapojazwa chini ya ngozi. Ndiyo maana njaa ya mwishoni mwa mimba huonekana zaidi kwenye mizani kuliko kwenye utepe. Mtoto huzaliwa mwembamba, mapaja hayajajaa, lakini mifupa yake haijabaki nyuma kwa kiasi hicho. Mama yako aliingia kwenye njaa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo wewe ulipata vyote viwili: sehemu ya mwisho ya mbio za urefu, na mbio zote za uzito.

Kadi inasema hivyo hivyo. Mvulana wa kawaida kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani huzaliwa na karibu sentimita 50. Wewe ulikuwa na 47, mdogo wako 49. Mlipishana sentimita mbili na gramu 600. Lakini usizikabidhi gramu zote 600 kwa njaa. Kifungua mimba kwa kawaida huzaliwa mwepesi kidogo kuliko wanaomfuata, hata pale ambapo kila kitu kipo mezani, kwa sababu ni mara ya kwanza mji wa mimba na mishipa yake kufanya kazi hiyo. Na sentimita za mtoto mchanga uzisome kwa tahadhari. Kumnyoosha miguu mtoto wa siku moja si kazi rahisi, na mkunga mmoja na mwenzake wanaweza kutofautiana kwa sentimita nzima.

Sasa, hiyo tofauti ya kuzaliwa inamfuata mtu mpaka utu uzima kwa kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mama yako ni mmoja wao. Wanadhani aliyezaliwa mfupi kwa asilimia nne atabaki mfupi kwa asilimia nne maisha yake yote. Mwili haufanyi hivyo. Urefu wa kuzaliwa unasema zaidi kuhusu nafasi na lishe aliyoipata mtoto ndani ya tumbo kuliko kuhusu kimo alichoandikiwa. Akitoka nje akapata chakula cha kutosha na asiandamwe na magonjwa, huanza kufidia. Wengi wa wanaozaliwa wadogo, kama tisa katika kila kumi, huwa wamerudi ndani ya kipimo cha kawaida wakifika miaka miwili. Ni wachache wanaobaki nyuma moja kwa moja.

Kuna utafiti wa mapacha wa Norwe ninaoupenda kwa kazi hii, kwa sababu mapacha wana mama mmoja, mimba moja na nyumba moja. Tofauti ni kwamba mmoja alipata zaidi tumboni kuliko mwenzake. Ilionekana kuwa pacha aliyezaliwa na uzito zaidi kwa asilimia 10 alikuwa mrefu zaidi kwa kama nusu sentimita alipopimwa akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Kati ya kilo zako 2.4 na kilo 3 za mdogo wako kuna pengo la kama mara mbili ya hilo. Kwa hesabu hiyo, tumbo lilikudai sentimita moja na kidogo. Mapacha wale hawakuwa na njaa, kwa hiyo nitakuwa mkarimu: tuseme sentimita mbili. Wewe na mdogo wako mmepishana nane. Sita zimekwenda wapi?

Kabla sijakujibu, nikupeleke kwanza Uholanzi, maana huko ndiko swali la mama yako lilikopata jibu safi kuliko mahali pengine popote.

Septemba 1944, katikati ya vita, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuwasaidia majeshi yaliyokuwa yakija kuikomboa nchi. Wajerumani waliokuwa wameikalia wakalipiza kwa kuzuia chakula kisipelekwe magharibi mwa nchi, kwenye miji mikubwa kama Amsterdam, Rotterdam na Leiden. Walipolegeza kidogo na kuruhusu vyombo vya majini, baridi ikagandisha mifereji. Kati ya Desemba na Aprili mgao wa mtu mzima ulishuka mpaka kalori 400 hadi 800 kwa siku. Mjamzito anahitaji zaidi ya 2,000. Mei 1945 nchi ikakombolewa, na chakula kikamiminika.

Kwa mtafiti, njaa hiyo ni kama imepimwa kwa saa: ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, iliwashika watu waliokuwa wakila vizuri kabla yake, na kumbukumbu za uzazi zilihifadhiwa. Kwa hiyo ukijua tarehe ya kuzaliwa ya mtu unajua njaa ilimkuta mwezi wa ngapi tumboni. Waliokutwa nayo miezi ya mwisho walizaliwa wepesi kwa takriban gramu 300. Waliokutwa nayo miezi ya mwanzo tu, kisha mama zao wakala vizuri, walizaliwa na uzito wa kawaida. Na kimo chao ukubwani? Watoto wa njaa ile walipokaribia miaka 60 walipimwa kwa makini, wakalinganishwa na ndugu zao wa jinsia moja waliozaliwa kabla au baada, yaani kama ninavyokulinganisha wewe na mdogo wako. Urefu wa mwili na wa viungo haukuonyesha tofauti yoyote inayoeleweka. Wanawake walioikuta tumboni walikuwa wanene zaidi. Kwenye magonjwa ya moyo na sukari pia njaa ile imeacha alama zake. Lakini kwenye kimo, kama iliacha kitu, ni kidogo mno kukionyesha kwa utepe.

Usiichukue habari hiyo kama hati ya kuisafisha njaa, lakini. Mama wa Kiholanzi aliingia kwenye msimu ule akiwa na akiba mwilini, na mwanawe alipozaliwa, aliyekuja kumlaki ni chakula. Watoto wale walipata wasaa wa kufidia. Ukimchukua mama aliyekwisha kondeana kabla ya mimba, au njaa inayoendelea baada ya mtoto kuzaliwa, hesabu inabadilika kabisa.

China ndiyo inayotuonyesha upande huo wa pili. Njaa ya mwaka 1959 hadi 1961 ilidumu miaka mitatu, kwa hiyo aliyeanza nayo tumboni aliendelea nayo kwenye maziwa ya mama na kwenye chakula chake cha kwanza. Uchambuzi mmoja ulikadiria kwamba waliozaliwa 1959 wangekuwa warefu zaidi kwa karibu sentimita tatu lau isingekuwa njaa. Na hata hapo kuna mtego uliowasumbua watafiti muda mrefu. Njaa kali huua, na wanaokufa si nasibu: watoto dhaifu hutangulia. Wanaobaki ni wale waliokuwa na miili yenye nguvu tangu mwanzo, pengine walioandikiwa kuwa warefu. Ukipima walionusurika peke yao unaweza kudhani njaa haikupunguza kitu, kumbe imepunguza walio hai na kuwazika wafupi kwa pamoja. Kundi moja la wachambuzi lilipata njia ya kuukwepa mtego huo: liliangalia pia kimo cha watoto wa walionusurika, waliozaliwa baadaye katika shibe. Kimo cha watoto hao kinafichua urefu ambao wazazi wao walikuwa wamebeba katika damu. Ndipo ilipoonekana kwamba waliokuwa chini ya miaka mitano wakati wa njaa walipoteza sentimita moja hadi mbili. Hiyo mbinu ya kumpima mzazi kwa mtoto uikumbuke, tutairudia kwa ajili ya mwanao.

Ethiopia, njaa ya 1984, jambo lilionekana wazi zaidi. Watoto waliokuwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu njaa ilipofika kileleni walikuja kuwa vijana wafupi kwa sentimita tano au zaidi. Umri huo ndio wa kuuangalia. Hao walikuwa wamekwisha kutoka tumboni siku nyingi.

Rudi sasa kwenye kadi yako. Ulizaliwa ukiwa pungufu ya mdogo wako kwa sentimita mbili. Mlipofika miaka miwili pengo lilikuwa sita. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani mvulana wa miaka miwili akilazwa na kupimwa ana karibu sentimita 88, na anayekuwa chini ya 82 tunamhesabu kuwa amedumaa. Mdogo wako na 86 zake alikuwa salama. Wewe na 80 ulikuwa umedumaa. Kwa hiyo badala ya kufidia, ulizidi kubaki nyuma baada ya kuzaliwa, na pengo likawa mara tatu.

Sababu yake tunaweza kuikisia kwa kufuata miezi. Ulizaliwa miezi minne hivi baada ya njaa kuingia. Miezi sita ya kwanza ulikuwa kwenye ziwa la mama, na maziwa ya mama ni jambo la ajabu: mwanamke aliyekonda huendelea kuyatoa kwa kiasi kizuri kwa kujinyima mwenyewe. Lakini baada ya miezi sita maziwa peke yake hayatoshi. Mtoto anahitaji chakula cha nyongeza chenye nguvu na protini, na hapo ndipo wewe ulipokuta sufuria tupu, kuanzia miezi sita mpaka kumi na tano. Juu yake ongeza kuhara na homa ambazo katika umri huo huandamana na njaa. Mwili wa mtoto ukikosa, haugawi upungufu sawasawa. Ubongo na moyo vinalindwa. Kinachosimamishwa kwanza ni kurefuka. Ini hupunguza homoni inayoamrisha gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa mirefu, gegedu zinalala, zikisubiri hali itengemae. Kwa mtoto wa umri mdogo, ambaye angerefuka sentimita moja na zaidi kila mwezi, kulala miezi tisa ni hasara kubwa.

Kuna kanuni ya zamani kwamba urefu wa mtoto wa kiume wa miaka miwili ukiuzidisha kwa mbili unapata kimo chake cha utu uzima, takriban. Mdogo wako, 86 mara mbili ni 172, ana 171. Wewe, 80 mara mbili ni 160, una 163. Maana yake ulifidia kidogo baadaye, sentimita tatu hivi, pengine mavuno yalipokuja. Lakini sehemu kubwa ya kimo chako ilikuwa imekwisha kuamuliwa ulipotimiza miaka miwili.

Kwa hiyo nikikugawia zile sentimita nane: moja au mbili naiachia mimba, pamoja na ukifungua mimba wako. Zilizobaki naziweka kwenye mwaka wako wa kwanza na robo. Na sehemu ya hizo niiachie pia bahati ya kuzaliwa, kwa sababu ndugu wa damu moja hupishana hata bila njaa. Ukijumlisha kimo cha baba yako na mama yako, ukaongeza 13, ukagawa kwa mbili, unapata 171, na watoto wao wa kiume wanaweza kuangukia sentimita nane na nusu juu au chini ya hapo bila kuwa na ugonjwa wowote. Wewe uko ndani ya mipaka hiyo, ingawa ukingoni. Lau ungekuwa na 86 ulipotimiza miaka miwili halafu ukaanza kubaki nyuma ukiwa na miaka sita au saba, hapo ningeacha habari ya njaa na kukutuma upimwe tezi ya shingo, utumbo na figo. Kadi haisemi hivyo.

Na kwa umri wako gegedu hizo zimekwisha kufunga. Vidonge na mashine za kunyoosha mtu mzima ni kupoteza fedha, sitasema zaidi.

Kuhusu mwanao: kudumaa kwa baba hakupiti kwenye damu. Ulichobeba wewe ni kimo cha ukoo wenu, kile kinachoonekana kwa wadogo zako, si hizi sentimita 163. Kwa hiyo siku atakapopimwa, usikubali ahesabiwe kwa kimo chako. Kama mkeo ana, tuseme, sentimita 160, na mtoto ni wa kiume, hesabu kwa 163 zako inatoa 168. Kwa 171 za baba yako inatoa 172. Anayetumia ile ya kwanza anaweza kumwona mtoto anayebaki nyuma akasema ni ufupi wa babaye, na kumwacha.

Upande wa mama ni tofauti kidogo. Mwanamke aliyedumaa utotoni huwa na mwelekeo wa kuzaa watoto wadogo, kwa hiyo muulize mkeo kama naye ana kadi, au kama mama yake anakumbuka. Mpeleke kliniki mapema. Kuanzia wiki ya 24 hivi mkunga hupima tumbo kwa utepe, kutoka mfupa wa kinena mpaka juu ya mji wa mimba, na sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 28, karibu sentimita 28. Zikipungua tatu au zaidi, au zikisimama pale pale kwa vipimo viwili mfululizo, mwombe ampeleke kwenye picha ya ultrasaundi. Mtoto akishazaliwa, dai apimwe urefu na si uzito tu. Kliniki nyingi zina mizani na hazijisumbui na ubao wa urefu, na mtoto anaweza kuongeza kilo taratibu huku mifupa imelala. Mwezi wa sita mpaka wa kumi na nane ndio wa kumkazia macho.

Imebaki ile mbegu ya darini. Mkalishe mama yako, umfungulie kadi, umwonyeshe ile 47 na ile 80. Kisha mpigie hesabu. Mbegu ya msimu mmoja ingelisha nyumba siku chache, pengine majuma mawili. Kwako tumboni isingebadilisha hata nusu sentimita. Lakini mbegu hiyo hiyo ndiyo iliyoingia shambani, ikatoa mavuno yaliyokukuta na miezi 15. Kama ingeliwa, msimu huo usingevunwa, na njaa ingekwenda nawe mwaka mzima wa pili, wakati gegedu zako zilikuwa bado na deni linalolipika. Zile sentimita tatu ulizozifidia ni za mbegu ile.